Kidonge cha usingizi na ini lililochoka: Nashville, 1975

Mgonjwa mwenye ini lililojaa makovu, yaani sirosisi, anaanza kulalamika kwamba halali. Usiku macho makavu, mchana anasinzia kwenye kiti. Anapewa kidonge cha usingizi. Wiki mbili baadaye anaita watoto wake kwa majina yasiyo yao, anavaa shati kinyume, na ukimuuliza leo ni siku gani anakutazama tu. Familia inasema "amezidiwa na ini". Ni kweli, ila si kweli yote. Ili uone kilichotokea, twende kwanza Marekani, miaka ya 1970.

Dayazepamu ilianza kuuzwa na kampuni ya Roche mwaka 1963 kwa jina la Valiamu, baada ya kazi ya mkemia Leo Sternbach. Ilikuwa salama kuliko dawa za usingizi za zamani, ambazo ukizidisha kidogo tu unaacha kupumua. Kufikia miaka ya 1970 ilikuwa miongoni mwa dawa zilizouzwa zaidi Marekani. Huku kwetu pia unaijua, iko hata kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Madaktari wa ini walikuwa na wasiwasi nayo. Mwaka 1954, jijini London, Sheila Sherlock na wenzake walikuwa wameshaeleza kwa kina jinsi ini likishindwa kazi akili nayo inavyovurugika. Sumu zinazotoka utumbonini, hasa amonia, hukosa kusafishwa na ini, au hupita kando yake kabisa, zikafika kwenye ubongo. Na wagonjwa wa aina hii walijulikana kuzimika kirahisi wakipewa mofini au dawa za kutuliza. Lakini kwa nini hasa? Ni ubongo uliokuwa dhaifu, au ni dawa iliyokuwa haitoki mwilini?

Mwaka 1975 Ulrich Klotz, Grant Wilkinson, Steven Schenker na wenzao katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, walichapisha jibu la nusu ya pili ya swali. Waliwapa watu dayazepamu, kisha wakaendelea kupima damu yao kwa siku kadhaa. Walichotafuta ni nusu-maisha ya dawa, yaani muda unaohitajika dawa iliyo mwilini ipungue hadi nusu. Walikuwa makini na jambo moja: umri peke yake huchelewesha dayazepamu. Kijana wa miaka 20 alikuwa na nusu-maisha ya saa 20 hivi, mzee wa miaka 80 saa 90 hivi. Kwa hiyo wagonjwa wa sirosisi walilinganishwa na watu wenye afya wa umri kama wao. Wenye afya: takriban saa 47. Wenye sirosisi: takriban saa 106. Yaani zaidi ya siku nne, na baada ya hapo nusu ya dozi bado imo.

Sasa hebu tuhesabu pamoja. Watu wawili wanameza miligramu 5 kila usiku, mmoja ana ini zima, mwingine ana sirosisi. Baada ya kidonge cha pili, wa kwanza ana miligramu 8.5 mwilini, wa pili 9.3. Tofauti haionekani. Baada ya wiki moja, wa kwanza ana kama 15, wa pili kama 23. Baada ya mwezi, wa kwanza amesimama kwenye 17 hivi, kwa sababu kinachotoka kwa siku kinalingana na kinachoingia. Wa pili amefika 34. Dozi haijabadilika, lakini dawa iliyomo ndani yake ni mara mbili. Na hapa tumehesabu dayazepamu tupu. Ini huibadilisha kuwa kemikali nyingine ambayo nayo inalaza, na ambayo hukaa hata zaidi.

Umeona ubaya wa hesabu hii? Siku za kwanza kila kitu ni shwari. Kuchanganyikiwa kunakuja wiki ya pili au ya tatu, wakati hakuna tena anayekikumbuka kidonge.

Basi ini likiharibika dawa zote za kutuliza zinakwama? Mwaka 1976 kikundi hichohicho cha Nashville kilipima ndugu wa dayazepamu, oksazepamu, na matokeo yakawa kinyume: kwa wagonjwa wa sirosisi ilitoka mwilini karibu sawa na kwa watu wazima wa afya. Sababu ni kwamba ini lina kazi zaidi ya moja. Dayazepamu lazima kwanza ichongwe upya kwa kutumia oksijeni, kazi ya vimeng'enya vinavyoitwa saitokromu P450, na kazi hiyo hushuka mapema ini linapojaa makovu. Oksazepamu haihitaji kuchongwa. Inabandikwa tu asidi inayotokana na sukari, inayeyuka kwenye maji, inatoka na mkojo. Kazi ya kubandika hudumu muda mrefu zaidi. Lorazepamu nayo hupita njia hiyo. Ndiyo maana mpaka leo, daktari akilazimika kumtuliza mgonjwa wa ini, kwa mfano anayetetemeka baada ya kuacha pombe ghafla, huelekea kwenye hizi mbili, kwa dozi ndogo.

Lakini usitoke hapa ukisema oksazepamu ni salama. Ile nusu ya kwanza ya swali bado ipo. Tafiti za miaka hiyohiyo zilionyesha kwamba ubongo wa mgonjwa wa ini hulemewa hata na kiasi cha dawa ambacho mwingine angekivumilia. Dawa hizi huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayopunguza kasi ya ubongo, na ubongo uliokwisha kulemewa na amonia tayari uko mwendo wa pole. Ini likiwa limechakaa kabisa, hata ile kazi ya kubandika hupungua.

Turudi kwa mgonjwa wetu, maana mtego ulianza kabla ya kidonge. Kukesha usiku na kusinzia mchana ni mojawapo ya dalili za mwanzo kabisa za ubongo kulemewa na ini. Yaani alipewa dawa inayozidisha ugonjwa ili kutibu dalili ya ugonjwa uleule.

Unaweza kuutambua mapema. Mwambie anyooshe mikono mbele na kuinua viganja kama anayesimamisha gari: vikidondoka na kurudi, vikidondoka na kurudi, kama mbawa za ndege, hiyo ni dalili. Mwambie ataje miezi kutoka Desemba kurudi nyuma. Hospitalini hawataishia kwenye kidonge. Wataangalia pia kama anavuja damu tumboni, ana maambukizi, amefunga choo au chumvi za damu zimevurugika, kwani chochote kati ya hivyo huleta hali ileile. Dawa ya laktulosi husaidia kuondoa amonia kupitia choo. Ila kama amemeza dawa ya kutuliza kwa miezi, msiikate ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege. Mpelekeni na pakiti zote za dawa anazotumia.

Na wakifika kwa daktari, swali la "ulimeza nini jana?" halitoshi. Kwa nusu-maisha ya saa 106, swali ni "umemeza nini mwezi huu mzima?"