Faida ya Kundi la Maksai: Kukua au Bei?

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 41, kilichoanza kutumika mwaka 2003, kinamtaka mfugaji apime mifugo yake kwa thamani ya haki baada ya kutoa gharama za kuuzia, na tofauti iingie moja kwa moja kwenye faida au hasara ya mwaka. Wengi hulalamika kwamba faida hiyo ni ya kwenye karatasi tu. Mimi naona kasoro iko kwingine: kiwango hakilazimishi faida hiyo ichambuliwe.

Tuchukue ranchi ya kubuni mkoani Morogoro yenye maksai 100 wa miaka miwili. Tarehe 1 Januari, maksai wa umri huo anauzwa mnada wa Pugu kwa shilingi 870,000. Kumsafirisha hadi mnadani ni 40,000, hivyo thamani yake ya haki akiwa ranchini ni 830,000. Ushuru wa mnada na ujira wa dalali ni 30,000. Hizo ndizo gharama za kuuzia, na kitabuni anaingia kwa 800,000. Nauli haimo kwenye gharama za kuuzia, kwa sababu imekwisha kutolewa wakati wa kutafuta thamani ya haki. Anayeijumlisha tena anaitoa mara mbili, na kosa hili si geni.

Mwisho wa mwaka hakuna aliyeuzwa wala kufa. Maksai wa miaka mitatu sasa ana thamani ya kitabuni ya milioni moja, na kitabu kinaonyesha faida ya milioni 20. Lakini siku hiyohiyo maksai wa miaka miwili, kwa kipimo hichohicho, ameshuka hadi 760,000. Maana yake bei imekula milioni 4, na kukua kwa wanyama kumeleta milioni 24. Mchungaji kafanya kazi nzuri. Soko ndilo lililomwangusha. Tarakimu ya milioni 20 peke yake haisemi hata moja kati ya hayo, na mkopeshaji anayeitegemea anakopesha gizani.

Kiwango kinahimiza tu utenganisho huu, tena kinakiri kuwa hauna faida kubwa pale mzunguko wa uzalishaji usipofika mwaka, kama wa nafaka. Hapo nakubali. Mahindi yaliyochipua wiki mbili zilizopita huweza hata kubaki kwa gharama ya mbegu, mbolea na kulima, kwa kuwa bado hayajabadilika sana. Ng'ombe wa nyama ni habari nyingine.

Mkaguzi naye ana kipimo rahisi cha bei zenyewe: alinganishe thamani ya kitabuni na mauzo ya Januari na Februari zinazofuata, kwa umri na uzito uleule. Pengo kubwa ambalo ukame au maradhi hayalielezi ni dalili kwamba bei ilichaguliwa, haikupatikana sokoni.

Kwa mifugo inayokaa zaidi ya mwaka, utenganisho wa bei na ukuaji unapaswa kuwa sharti.