Mtihani wa mdomo wa uraia

Mtihani wa mdomo wa somo la uraia hupima hoja, si kukariri, pale tu maswali ya udadisi yanapoandaliwa mapema. Mtahiniwa akijibu swali la kwanza kwamba Katiba ya Tanzania ya 1977 hubadilishwa kwa theluthi mbili ya wabunge wote, huulizwa la pili: je, vipi kuhusu kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano? Hapo huhitajika theluthi mbili ya wabunge wa kila upande, Bara na Zanzibar. Swali la tatu hudai sababu. Wapo wanaolalamika kwamba mpango huu humfunga mtahini. Lakini udadisi wa papo kwa papo humbeba msemaji fasaha, na mwenye kusitasita huachwa mapema. Ni haki wote waulizwe maswali hayo matatu, na watahini wawili waandike alama kila mmoja peke yake kabla ya kushauriana.