Ayeeyo Hakunenepa, Ni Filta

Idi iliyopita nilimpiga ayeeyo picha mbele ya nyumba yetu hapa Ifo. Alikuwa ameugua wiki kadhaa, mashavu yameingia ndani. Nikaona si poa watu wa ng'ambo wamwone vile. Nikafungua apu, nikajaza mashavu, nikalainisha ngozi, nikatupa kwa grupu ya familia. Abti wangu aliye Amerika akajibu mbio: alhamdulillah, mama amepona. Zile pesa alizokuwa anakusanya ili ayeeyo apelekwe hospitali Garissa, akalipia kitu kingine.

Sasa wasee, msiniambie uongo wa picha ulikuja na simu. Hii pwani yetu imechezea picha kitambo sana.

Lamu, kuanzia miaka ya 1960, kulikuwa na Bakor Studio ya Omar Said Bakor. Kompyuta hakuna. Jamaa alikata picha kwa makasi, akapanga vipande, kisha akavipiga picha upya hadi vikawa kitu kimoja. Unaona uso wa mtu umechomoza katikati ya ua. Mteja alilipa, akacheka, akaitundika ukutani. Hakuna aliyehitaji kuandikiwa maelezo chini, kwa sababu hakuna mtu anaishi ndani ya ua. Picha ilijitangaza yenyewe.

Miaka ya 1990, kule feri ya Likoni, Mombasa, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Wengi waliopiga picha hapo walikuwa wametoka bara kutafuta kazi, na picha zilitumwa nyumbani. Hata mzazi kijijini angeona kwamba ile ndege ni rangi juu ya kitambaa. Mtoto alikuwa anaonyesha ndoto yake, na ndoto ilijulikana kuwa ndoto.

Lakini studio za zamani, duniani kote, zilikuwa na ujanja mwingine wa kimyakimya: penseli juu ya negativu. Kwenye negativu, kivuli cha kunyanzi hutokea kama mstari mwangavu. Fundi anaujaza kwa penseli iliyochongwa vizuri, mwanga unazuiwa hapo, na kwenye karatasi ile kunyanzi haipo tena. Aliyepigwa picha anajua. Anayeipokea mbali hajui. Filta yangu ni mtoto wa ile penseli, si wa ua la Bakor.

Ndiyo maana sioni haja ya kuandika maelezo kwa kila posti. Umeongeza mwanga, umekata ukingo, umejiweka juu ya mwezi? Endelea tu. Norwe walichora mstari mzuri: tangu tarehe 1 Julai 2022, tangazo la biashara lililobadilisha umbo, ukubwa au ngozi ya mtu lazima liwe na alama, hata kama limewekwa na influensa aliyelipwa. Sheria hiyo haigusi picha ya familia, lakini naazima kipimo chake na kuongeza swali moja: kuna mtu ataamua jambo kwa kuangalia hii picha? Mchumba ambaye hamjaonana, mteja wa krimu unayouza, abti anayepima afya ya mama yake. Kama yupo, na umegusa mwili au ngozi, andika.

Andika ulichofanya, kwa ufupi: "Mashavu yamejazwa kwa apu, ngozi imelainishwa." Ukisema tu "nimeedit kidogo", mtu hajui kama ulibadilisha rangi ya ukuta ama uso. Halafu maneno yaweke juu ya picha yenyewe, pembeni. Nilijifunza hili kwa uchungu: picha ikipakuliwa na kutumwa grupu lingine, maelezo uliyoandika chini yanaweza kubaki nyuma.

Na usitegemee kwamba watu watagundua wenyewe. Wakati mwingine alama zipo: ukuta au mlango umepinda karibu na kiuno, au hina ya mikononi imefifia kwa sababu apu imedhani ni madoa. Kwa ile picha ya ayeeyo hina ilikuwa nusu imefutika. Abti hakuiona. Alikuwa anaangalia mashavu.

Baada ya wiki mbili nilituma ile ya kwanza, bila filta, na juu yake nikaandika: "Hii ndiyo ya Idi. Ile nyingine nilijaza uso." Abti alipiga simu usiku uleule. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Anakula?" Nikampa ayeeyo simu.