Gh ya Werugha haikuja na jahazi

Mnunuzi mmoja kutoka Mombasa alimcheka mama muuza ndizi sokoni Njukini. Mama alikuwa amemwambia, "Si gali, baba." Mnunuzi akatugeukia sisi tuliokuwa karibu, akatoa hukumu tuliyoizoea: dh, gh na kh ni sauti za Waarabu, mtu wa bara hana ulimi wa kuzitamka.

Kwamba maneno kama ghali yalitoka Kiarabuni, sibishi. Hilo la ulimi ndilo linalonikera. Aliyelitunga hakupanda milima ya Taita, ambako Kidawida kina gh yake ya asili, iliyomo katika majina kama Werugha, Maghimbinyi na Mghanga. Ukitaka kuijua, jaribu kuivuta. Herufi g haivutiki, kwa sababu nyuma ya ulimi hugusa kaakaa na kuziba pumzi. Kwenye gh, ulimi husogea bila kugusa, pumzi ikapita kwa mkwaruzo hadi utakapochoka. Mdawida hutamka ghali na shughuli bila kufundishwa. Sarufi ya Kitaita ilichapishwa tangu 1894, kazi ya mmishenari Wray aliyefika Saghala mwaka 1883, lakini wabishi wetu hawaigusi. Saghala yenyewe serikali huiandika Sagalla, gh ikafutwa hata kwenye ramani.

Dh nayo ina kisa chake. Wakamba, ambao kaunti yetu ya Taita-Taveta inao wengi, huandika th lakini hutamka kama dh. Kwa hiyo dhamana haiwapi taabu. Taabu iko kwenye thamani, ambayo ulimi huivuta iwe "dhamani", na mkopeshaji asiyesikiliza vizuri hatajua kama anatajiwa bei ya shamba au rehani. Wengine husema "zambi" na "feza", na ujumbe hufika. Penye hatari ni dhana na zana, kwa maana yote mawili ni maneno halali.

Na Pwani je? Kiarabu kina herufi tatu tofauti mwanzoni mwa dhahabu, dhamana na dhuluma. Waswahili wamezikunja zote zikawa dh moja, na hakuna anayewacheka. Kuhusu kh, mmishenari Steere aliona huko Unguja, katika kitabu chake cha 1870, kwamba neno likishazoeleka kh hugeuka h. Kamusi ya Johnson ya 1939 ikaandika habari kwa h. Leo asemaye "khabari" huonekana ama mzee wa mwambao ama mtu wa madaha. Tulipoiacha kh tuliita usanifu, lakini mama wa Njukini akiiacha gh tunaita ushamba.

Sisemi tahajia ilegezwe; ghala iandikwe kwa gh. Ila mtoto wa Werugha akiandika "luga", mwalimu asimtafutie Mwarabu. Amwambie ataje kwao ni wapi, kisha aandike tena.