Kutokamilika au Kutoamulika? Neno Moja katika Historia ya Thiorema ya Gödel

Katika mijadala ya sera na katiba, ikiwamo niliyoisikia hapa Kicukiro, hudaiwa kwamba Kurt Gödel alithibitisha kuwa hakuna mfumo wa kanuni unaoweza kukamilika. Makala haya yanadai kuwa kosa hilo huanzia kwenye neno lenyewe. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, kilichokamilika hakipungukiwi na kitu. Kwa wanamantiki, mfumo ni kamili endapo kila kauli ya lugha yake ama inathibitishika au inakanushika ndani yake.

Gödel alidokeza matokeo yake mjini Königsberg tarehe 7 Septemba 1930, kwa maneno machache tu. Siku iliyofuata, mjini humohumo, David Hilbert alihutubia akishikilia kwamba hisabati haina swali lisilojibika. Makala ya Gödel ilichapishwa mwaka 1931.

Mbinu yake ni kugeuza kauli kuwa namba. Tuseme alama 0 imepewa namba 1, na alama = imepewa 2. Kauli 0=0 inatoa mfuatano 1, 2, 1, ambao tunaufanya vipeo vya namba tasa tatu za kwanza: 2¹ × 3² × 5¹ = 90. Kwa kuwa kila namba huchanganuliwa katika namba tasa kwa njia moja tu, kutoka 90 tunairejea 0=0 bila utata. Uthibitisho nao huwa namba, na dai kwamba kauli fulani inathibitishika huwa dai la hesabu. Ndipo Gödel akaunda kauli ya hesabu ambayo, kwa msimbo huo, inasema kwamba yenyewe haithibitishiki katika mfumo husika. Mfumo usiojipinga hauwezi kuithibitisha. Ili usiweze kuikanusha pia, Gödel alihitaji sharti kali zaidi, J. Barkley Rosser aliliondoa mwaka 1936 kwa kutumia kauli nyingine.

Masharti mengine hayakuondoka. Kauli za msingi lazima zitambulike kwa utaratibu wa kimashine, na mfumo uwe na hesabu ya kutosha ya kujumlisha na kuzidisha. Mwaka 1929 Mojżesz Presburger alikwisha kuonyesha kwamba hesabu ya kujumlisha pekee ni kamili. Basi “kila mfumo” si kweli. Wala kauli ya Gödel si fumbo la milele: ukiifanya kauli ya msingi, inathibitika mara moja, ingawa mfumo mpya nao utakuwa na yake.

Katiba haina uthibitisho wa kimashine. Mapengo yake hutokana na waliyoyasahau au waliyoyakwepa waandishi wake, na huonyeshwa kwa vifungu na kesi, si kwa thiorema hii.

Ajabu ni kwamba kichwa cha makala ya 1931 hakina neno “kutokamilika”. Kinataja kauli zisizoamulika kirasmi. Ningependekeza istilahi ya Kiswahili ianzie hapo: kutoamulika.