Herufi L na safuwima zake

Chukua mstari mmoja wa majibu ya picha kamili ya damu, kama unavyotoka kwenye printa ya maabara:

```
HCT 0.31 L L/L 0.36-0.47
```

Kuna herufi L tatu hapo. Ya kwanza inasema jibu liko chini. Mbili zinazofuata ni lita: lita za chembe nyekundu katika kila lita ya damu, maana hicho ndicho hematokriti inachopima. Daktari aliyezoea anausoma mstari huu bila kusita. Ila mtu anayetaka kuyaweka majibu elfu kumi kwenye jedwali, ili ajue damu ya wajawazito wa wilaya yake inakwendaje, hana budi kuamua kila L inakwenda safuwima gani, na hapo ndipo analazimika kuzipa safuwima hizo majina.

Majina hayo yananivutia kuliko programu ya kulijaza jedwali. Hospitalini neno «kipimo» linabeba mizigo mitatu. Mgonjwa ameandikiwa kipimo cha sukari: hapo ni uchunguzi wenyewe. Kipimo chake kimesoma 7.0: hapo ni namba. Kipimo kinachotumika ni mmol/L: hapo ni kile ambacho vitabu vya sayansi vinakiita kizio. Katika mazungumzo hakuna anayepotea, lakini ukiandika «Kipimo» juu ya safuwima na kumwachia mwenzako ajaze, huyu ataingiza «Hb» na yule ataingiza «g/dL», na wote wawili watakuwa sahihi. Mimi huliacha neno hilo kwa uchunguzi, kwa kuwa ndivyo watu wanavyolisema dirishani. Namba naiita «jibu», kwa sababu majibu ndiyo yanayotoka maabara. «Thamani» linanukia bei. Kwa g/dL na wenzake natumia «kizio», ingawa mzee wa pwani akilisikia atafikiria nusu ya nazi iliyopasuliwa. Atazoea.

«Kiwango» nalo lina shida yake. Kiwango cha sukari ni namba ya mgonjwa, na kiwango cha kawaida ni zile namba mbili za kulinganishia. Hizo mbili naziita mipaka ya rejea, wa chini na wa juu, kila mmoja na safuwima yake. «Masafa» ningeliacha, limeshachukuliwa na redio. Na neno «kawaida» lina kasoro nzito zaidi, ambayo Ralph Gräsbeck na Nils-Erik Saris wa Finlandi waliishughulikia mwaka 1969 walipotaka wanamaabara waseme «rejea» badala yake. Mipaka hiyo hupatikana kwa kupima watu wenye afya, walau 120 kwa utaratibu unaopendekezwa, kisha kuchukua asilimia 95 ya katikati. Kwa hiyo watu 5 katika kila 100 wenye afya wataangukia nje. Mpime mtu mzima wa afya vipimo 20 visivyotegemeana, na uwezekano wa walau kimoja kupata alama ni kama asilimia 64. Nje ya rejea si sawa na mgonjwa.

Mipaka hiyo pia ina wenyewe. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa watu wazima wenye afya wa Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Ukilinganisha na mipaka ya Marekani, chembe nyeupe aina ya nyutrofili zilikuwa chache kwao na eosinofili zikawa nyingi zaidi. Jibu lilelile la nyutrofili linaweza kubandikwa L kwenye maabara inayotumia mipaka iliyokuja na mashine, na lisibandikwe kitu kwenye maabara iliyojitengenezea ya kwake. Ndiyo maana mipaka lazima ikae mstari mmoja na jibu lake. Anayeitupa kwa nia ya kuijaza baadaye kutoka jedwali moja la vipimo vyote anafuta maana ya kila alama aliyoibakiza.

Turudi kwenye L. Kanuni inayokuja haraka ni kwamba herufi iliyosimama peke yake, yenye nafasi huku na huku, ni alama, na iliyoshikana na mkwaju ni kizio. Mstari wa hematokriti unapita vizuri:

```
kipimo,jibu,kizio,chini,juu,alama
HCT,0.31,L/L,0.36,0.47,L
```

Kisha unaingia mkojo wa saa 24:

```
Mkojo 1.6 L 0.8-2.0
```

Hapa L imesimama peke yake, na ni lita. Kanuni inaiweka kwenye alama na kuacha kizio kitupu, halafu mtu aliyekojoa vizuri kabisa anaandikwa kuwa yuko chini. Dawa yake ni kuanza na kizio. Tengeneza kwanza orodha ya vizio vinavyokubalika kwa kila kipimo, toa kizio kwenye mstari, na kilichobaki ndicho kinachoweza kuwa alama. Ukianza na alama, kizio kitaibiwa.

Alama yenyewe inatofautiana na safuwima nyingine kwa kuwa hakuna mashine iliyoipima. Ni hukumu iliyotokana na jibu kukutanishwa na mipaka, hivyo unaweza kuikokotoa upya. Usiifute ya maabara. Weka yako pembeni mwake, kisha tafuta mistari ambayo alama hizo mbili hazikubaliani. Mkojo wa 1.6 wenye L ungenaswa hapo mara moja, maana 1.6 iko ndani ya mipaka.

Ukaguzi huu hunasa pia kosa la hatari kuliko hilo. Sukari imeandikwa 126 mg/dL, mipaka 70-110, alama H. Mtu anataka mmol/L, anagawa kwa 18 na kupata 7.0, anabadili kizio, anasahau mipaka. Sasa mstari unasema 7.0 mmol/L kati ya 70 na 110. Alama iliyokokotolewa inatoka L, ya maabara bado ni H. Mgonjwa mwenye sukari ya juu amegeuzwa kuwa wa sukari iliyoshuka, na aliyefuta H ya zamani hana tena cha kumshtua. Mipaka ilipaswa kuwa takriban 3.9 na 6.1.

Kosa moja ukaguzi huu hauliwezi, kwa sababu hutokea kabla mstari haujafika kwako. Mipaka ya chembe nyeupe mara nyingi huandikwa 4-11. Excel ikifungua faili hilo, huona tarehe: Novemba 4 au Aprili 11, kulingana na mipangilio ya kompyuta. Ukitazama «4-Nov» bado utakisia ilitoka wapi, lakini ndani yake imeshakuwa hesabu ya siku. Safuwima ya mipaka iingizwe kama maandishi matupu, kisha ipasuliwe kwenye kistari, ukikumbuka kwamba baadhi ya printa hutoa kistari kirefu ambacho kompyuta haikitambui kuwa ndugu wa kile kifupi.

CRP nayo huja kama «<5». Alama hiyo ya «<» ipewe safuwima ya «ishara», kabla ya jibu. Ikitupwa, 5 iliyobaki itaingia kwenye wastani kana kwamba ilipimwa, wakati maabara ilichosema ni kwamba mashine haioni chini ya hapo.

Na mwisho wa jedwali, kulia kabisa, bakiza safuwima moja ya mstari asilia, herufi kwa herufi kama ulivyotoka kwenye printa.