Longi za Madem: Vile Zilitoka Kortini Hadi Kwa Kabati Yako

Ukizunguka Gikosh leo utapata longi za madem za kila aina: skini, palazo, kago, jinzi za kiuno juu. Unavaa, unatoka, na hakuna mtu anageuza shingo. Lakini miaka mia moja na kitu iliyopita hiyo longi ingekupeleka kwa karao. Ukitaka kuelewa vile mambo ilibadilika, angalia vitu mbili tu: mahali miguu inagawanyika na mahali zipu inakaa.

1911: Suruali inajificha kama sketi

Paris ilikuwa na amri ya 1800 iliyosema mwanamke akitaka kuvaa kama mwanaume, lazima aombe ruhusa kwa polisi. Mwaka wa 1892 na tena 1909 waliilegeza kiasi: ungevaa suruali kama umeshika usukani wa baiskeli ama hatamu za farasi. Ukishuka, hiyo ni kesi ingine.

1911 fundi mkubwa wa mitindo, Paul Poiret, akaleta suruali pana sana, imekusanywa kwa kifundo cha mguu, juu yake kanzu fupi. Ukisimama wima unaonekana umevaa sketi. Ukipiga hatua ndio watu wanaona miguu imegawanyika. Hiyo pekee ilitosha madem waliozivaa kwa mbio za farasi kuzomewa.

Miaka ya 1920 zikahamia ufuoni. Wadosi walivaa pajama pana za hariri wakipunga upepo baharini, na hakuna aliyelia. Lakini ruhusa ilikuwa ya ufuo, si ya mjini.

1938: Odijo anafungwa juu ya longi

Sasa suruali ikaanza kufuata mwili: kiuno juu, mapaja yana nafasi, mguu unashuka moja kwa moja. Mafundi walikuwa na ujanja mmoja. Zipu ama vifungo waliweka kando, kwa nyonga, ndio mbele ibaki laini kama ya sketi. Zipu ya mbele ilihesabiwa ya wanaume, na dem akiwa nayo alionekana kama ameiba nguo ya bradhake. Levi's walikuwa wametoa jinzi zao za kwanza za wanawake 1934, lakini hizo zililenga wale wa kazi ya shamba na farasi.

Novemba 1938, huko Los Angeles, mwalimu wa nasari Helen Hulick aliitwa kortini. Kumbuka hakuwa mshtakiwa. Alikuwa shahidi kwa kesi ya wizi. Jaji Arthur Guerin akaona longi, akaahirisha kesi, akamwambia arudi na gauni. Akarudi na longi. Akaonywa, akarudi nayo tena. Jaji akampiga siku tano ndani kwa kudharau korti, na huko jela akavalishwa gauni. Wakili wake akakata rufaa, na korti ya juu ikafuta hiyo hukumu.

1966: Suti ya usiku

Yves Saint Laurent akachukua suti nyeusi ya sherehe ya wanaume akaishona upya kwa mwili wa mwanamke, akaiita Le Smoking. Hii haikujificha kama sketi, na haikuwa ya ufuo wala ya kazi. Ilikuwa ya kuingia nayo kwa hoteli za wadosi. Nan Kempner, tajiri wa New York, alijaribu hivyo na mkahawa ukamkatalia mlangoni. Akavua longi hapo hapo, akaingia na koti peke yake kama gauni fupi. Mapaja nje ilikuwa sawa, longi ndio ilikuwa makosa. Fikiria hiyo.

Kuanzia hapo jinzi zilibeba kila kitu. Zipu ikahamia mbele, mguu ukapanuka chini miaka ya sabini, ukabana baadaye, ukapanuka tena.

2009: Hapa karibu

Usidhani hii ni stori ya wazungu wa zamani. Malawi ya Banda ilikataza wanawake longi kwa sheria mwaka wa 1973, na ikadumu hadi miaka ya tisini. Khartoum, 2009, mwanahabari Lubna Hussein alishikwa na wenzake mkahawani kwa kuvaa longi. Yake haikuwa skini. Ilikuwa pana, na alikuwa amejifunika kichwa. Alipigwa faini, akakataa kulipa, akaingia jela hadi chama cha wanahabari kikamlipia. Sheria za kubana mavazi ya wanawake huko zilianza kufutwa Novemba 2019.

Na Paris je? Ile amri ya 1800 hakuna aliyeifuata tena, lakini serikali ilitangaza rasmi kwamba imekufa mwaka wa 2013. Hiyo ni juzi tu, skini zikiwa zimejaa mtaa.